Sigara 18 za Yaya: jinsi dereva wa taksi wa Lubumbashi alivyoacha kuvuta, hatua kwa hatua

Asubuhi moja ya Julai, baridi ikiwa bado imelala juu ya Katuba, Yaya alikohoa ndani ya kitambaa akiwa kwenye usukani. Alipokikunjua aliona uzi mwekundu katikati ya makohozi. Ndani ya gari alikuwa na abiria wanne wanaokwenda mjini. Hakusema neno. Aliwafikisha, akapokea nauli, akawarudishia noti zao ndogo, kisha akaja moja kwa moja kwenye kituo cha afya ninakofanya kazi. Gari aliliacha ng'ambo ya barabara, taa zikiwaka.

Yaya ni kaka mkubwa wa mke wangu. Huku kwetu mkubwa wa namna hiyo huitwa yaya, na mimi nimemwita hivyo tangu siku ya mahari. Alikuwa na miaka 46, na sigara ya kwanza aliivuta akiwa na miaka 19. Mimi ni muuguzi. Nimewasindikiza watu kadhaa katika safari hii ya kuacha, na wengi wao walianguka mara ya kwanza. Kwa hiyo nitasimulia mambo yalivyokwenda, pamoja na pale tulipokosea, maana dereva mwenye shida hii atajikuta zaidi kwenye makosa yetu kuliko kwenye mafanikio.

Makohozi kwanza, sigara baadaye

Mtu anayekohoa damu hapa kwetu hapewi kwanza mawaidha ya sigara. Anapimwa kifua kikuu. Congo ni moja ya nchi zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo duniani, na mvutaji ana hatari ya kuupata karibu mara mbili ya asiyevuta. Dereva wa taksi tena anashinda ndani ya gari lililofungwa vioo kwa ajili ya vumbi au baridi, akipumua pumzi za watu asiowajua. Tulichukua makohozi ya Yaya siku ile ile, na mengine kesho yake alfajiri kabla hajanywa kitu, kwa sababu ya alfajiri ndiyo yanayotoka chini kabisa ya kifua.

Ilikuwa Jumanne. Majibu yalitarajiwa Ijumaa. Siku hizo tatu Yaya hakugusa sigara hata moja. Aliapa mbele ya mke wake, akampa kijana wa jirani pakiti iliyobaki, akawa analala macho wazi akihesabu watoto ambao bado wako shuleni. Ijumaa majibu yakatoka: hakuna kifua kikuu. Picha ya kifua nayo haikuonyesha uvimbe. Daktari alisema ni bronkiti ya mvutaji, mirija ya hewa iliyochomwa na moshi miaka mingi hadi ikawa inavuja damu kidogo kikohozi kikizidi nguvu.

Yaya alitoka nje, akampa mlinzi mkono kwa furaha, akamwomba sigara, akaivuta pale pale getini.

Nimeliona jambo hili mara nyingi kiasi kwamba siku hizi nalingoja. Mtu anajiandaa kwa habari mbaya, hajiandai kwa habari njema. Na Yaya alikuwa amekwisha kuvuka siku mbili tatu ambazo ni ngumu kuliko zote, akazitupa mlangoni. Hofu inaweza kumshikilia mtu siku chache, halafu inachuja kama chai iliyoongezwa maji. Kazi yake ni kukupa nafasi ya kupanga wakati bado inauma. Ndiyo maana Jumamosi asubuhi, kabla hajaisahau ile rangi nyekundu, nilimfuata nyumbani na daftari la shule la kurasa 32.

Niseme kabla sijaendelea: aliyepita miaka 40, anayevuta, akakohoa damu, asikubali kurudishwa nyumbani na chupa ya dawa ya kikohozi peke yake, hata kama kipimo cha makohozi ni safi. Picha ya kifua ipigwe. Na damu ikirudi, au mwili ukikonda bila sababu, au jasho la usiku likilowesha shuka, aende tena hata kama ameshaacha kuvuta.

Siku nne za kuandika bila kuacha

"Dogo," aliniambia, "mimi nitapunguza tu. Nitavuta tisa."

Alikuwa ameshajaribu mwaka uliotangulia. Wiki ya kwanza zilikuwa tisa kweli, lakini kila moja aliivuta hadi inamchoma vidole, na moshi aliuzuia kifuani muda mrefu zaidi. Mwili uliozoea kiasi fulani cha nikotini unakitafuta kiasi hicho kwa njia yoyote, ukiupa sigara chache utazikamua. Mwezi wa pili alikuwa amerudi kwenye hesabu yake ya zamani. Hayo hayo hutokea kwa wanaohamia sigara zinazoitwa nyepesi. Wapo wanaofaulu kwa kupunguza polepole, ila kwa wengi kuchagua siku na kukata moja kwa moja kunashika vizuri zaidi, mradi siku hizo za kabla zitumike kujifahamu.

Kwa hiyo nilimwambia avute kama kawaida, Jumatatu hadi Alhamisi, lakini kila sigara aiandike kabla ya kuiwasha: saa ngapi, yuko wapi, nini kimetangulia, na hamu ilikuwa kubwa, ya kati au ndogo. Kuandika kabla ya kuwasha ndiyo siri yenyewe. Ukiandika jioni utaandika unachopenda kukumbuka.

Tulipokaa kuhesabu, wastani ulikuwa sigara 18 kwa siku. Yeye aliamini ni kumi hivi. Hakudanganya: hapa watu wengi hununua moja moja kwa vijana wa sinia, na anayenunua moja moja hana pakiti ya kumwonyesha imebaki ngapi. Kwa bei ya faranga 200 aliyokuwa akilipa, 18 ni faranga 3,600 kwa siku, na 108,000 kwa siku 30. Alinyamaza akizungusha kalamu. Kisha akasema hiyo ni tairi.

Lakini fedha si jambo lililotusaidia zaidi kwenye daftari lile. Zile 18 zilijigawa hivi: mbili kabla ya kutoka nyumbani, saba kwenye parkingi akingoja gari lijae, tatu baada ya ugomvi na abiria au na rulaje, yaani polisi wa barabarani, mbili baada ya kula, nne jioni na wenzake. Na hamu kubwa aliiandika kwa zipi? Mbili za asubuhi karibu kila siku, na zile za baada ya ugomvi. Saba za parkingi, ambazo ndizo nyingi kuliko zote, aliziandikia "ndogo" karibu zote. Alikuwa anavuta kwa sababu gari limesimama.

Hapo ndipo mpango wote ulipotoka. Sigara ya asubuhi ni ya nikotini: usiku kucha imekuwa ikishuka kwenye damu, na ukiamka mwili unadai. Anayewasha ndani ya nusu saa baada ya kuamka, kama Yaya aliyewasha kabla hajavaa viatu, amefungwa sana na atapata siku za kwanza ngumu. Sigara ya parkingi ni ya mkono na mahali. Haiondolewi kwa ushujaa, bali kwa kuupa mkono kitu kingine na kubadilisha mahali penyewe. Mtu akizichanganya hizi mbili atapigana vita vya nguvu dhidi ya kitu kinachotaka ujanja, na vita vya ujanja dhidi ya kitu kinachotaka uvumilivu.

Siku gani

Dhiki ya kukosa nikotini huanza ndani ya saa chache, hufika kileleni siku ya pili na ya tatu, kisha hushuka kidogo kidogo katika wiki mbili hadi nne. Katika kilele hicho mtu ana hasira, usingizi wake umekatika, na akili inamtoka katikati ya sentensi. Kwa mwandishi wa ofisi ni aibu tu. Kwa anayeendesha gari lenye abiria ni hatari.

Tulihesabu nyuma. Yaya hafanyi kazi Jumapili, kwa hiyo Jumapili ilipaswa kuangukia kwenye kilele. Sigara ya mwisho ikawa Ijumaa usiku. Jumamosi, siku ya kwanza, aliendesha hadi saa saba mchana akarudi. Jumapili alipumzika. Jumatatu, siku ya tatu, alikwenda kazini akichelewa kwa saa mbili, baada ya msongamano wa asubuhi kupungua, na tulikuwa tumeshazungumza na mwenye gari ili pesa anayomletea kila siku ipungue Jumamosi na Jumatatu, deni lilipwe wiki ya pili. Mwenye gari alinung'unika. Nilimwuliza kama angependa gari lake liendeshwe na mtu anayekohoa damu, akakubali. Dereva asiyeweza kupata nafuu hiyo apunguze mizunguko, na asiendeshe usiku kwa siku tatu hizo.

Gari lioshwe na kisahani kijazwe

Ijumaa jioni tulitumia saa tatu kwenye gari. Mazulia yalitolewa nje, viti vikasuguliwa kwa sabuni ya unga na siki kidogo, kitambaa cha juu ya dari kikafutwa mara mbili, na maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai kavu. Harufu ile mvutaji haisikii. Asiyevuta anaisikia akifungua mlango, na mvutaji aliyeacha ataanza kuisikia baada ya siku chache; ikibaki ndani itamwita kila asubuhi.

Tulipata vibiriti vya gesi vitatu: kimoja chini ya kiti, kimoja ndani ya mfuko wa mlango, kimoja nyuma ya kivuli cha jua. Vyote vilikwenda. Watu hutupa sigara na kubakiza kibiriti, eti kwa umeme ukikatika. Nunua tochi.

Kisahani cha majivu kilikuwa karibu na mkono wake wa kulia, na ule mkono ulikuwa umekizoea kama usukani. Nilitaka tukitoe kabisa. Yaya mwenyewe ndiye aliyepata la maana zaidi: akakiosha, akakikausha, akaweka humo noti ndogo za kuwarudishia abiria, zile za faranga 50, 100 na 200 zinazotafutwa kila safari. Mkono ukienda pale kwa mazoea ulikuta kazi.

Kisha akaenda kwa kijana wa sinia anayekaa kwenye parkingi yao. Huyu ndiye aliyemuuzia sigara nyingi kuliko mtu yeyote, na alikuwa anamwona mara saba kwa siku. Yaya alimwambia: "Kuanzia kesho kwako nanunua karanga na shikleti tu. Nikikuomba sigara, nidai mara tano ya bei." Kijana alicheka akidhani ni mchezo. Yaya alimpa pesa ya karanga za wiki nzima kabla, na kijana akaona si mchezo. Kuwaambia madereva wenzake kulikuwa kugumu zaidi, kwa kuwa pale sigara ni salamu. Alitumia neno ambalo halina mjadala: munganga amekataza. Ukisema unajaribu kuacha watakuchokoza kwa upendo. Ukisema daktari amekataza, watazima yao wenyewe ukipita, angalau wiki ya kwanza.

Siku tatu

Niliuliza kwenye famasi kubwa za mjini kuhusu plasta ya nikotini na shikleti ya nikotini. Sikupata. Mwenye kupata asidharau: kwa mtu wa zaidi ya sigara kumi kwa siku huanzwa na plasta ya miligramu 21 inayobadilishwa kila asubuhi, na baada ya wiki kadhaa anashuka kwenye 14, kisha 7. Aliye na ugonjwa wa moyo au mwenye mimba aonane na daktari kwanza. Kitu ambacho si mbadala ni tumbaku ya kunusa au ya kuweka mdomoni, ambayo mzee mmoja wa parkingi alimletea Yaya kwa nia njema. Hiyo ni nikotini ile ile kupitia mlango wa nyuma, na kamba inabaki shingoni.

Jumamosi ilipita vizuri kuliko tulivyodhani. Jumapili ilikuwa mbaya. Alimfokea mtoto kwa kuacha kijiko sakafuni, akalia, akatoka nje akazunguka nyumba mara tatu. Mke wake nilikuwa nimemwonya: asimhubirie, asimwulize kila saa kama anaweza, ampe chakula kwa wakati. Hilo la chakula lina uzito kuliko linavyoonekana. Nikotini inazima njaa, na Yaya kwa miaka 27 alikuwa akitoka nyumbani na chai tupu na sigara mbili. Alipoacha, njaa yote ilirudi siku moja, na hakuitambua; aliiita hamu ya sigara. Mke wake alimpikia uji alfajiri, na saa sita akala bukari na sombe akiwa amekaa. Nusu ya hasira ikaondoka na sahani.

Jumatatu usiku alinipigia simu saa nane. Hajalala, moyo unamdunda, mikono inatetemeka. "Dogo, mwili unanidai. Nitakufa kwa kuacha kuliko kwa kuvuta." Nilimwuliza amekunywa nini. Vikombe sita vya kahawa, kama kawaida yake.

Hili watu wengi hawalijui, na nakiri mimi nililisahau. Moshi wa sigara unalifanya ini lichome kahawa haraka. Ukiacha kuvuta, ini linarudi kwenye mwendo wake, na kahawa ile ile inakaa kwenye damu muda mrefu zaidi, hata kufikia kiasi cha mara mbili. Kwa hiyo vikombe sita vya Yaya vilikuwa vimekuwa kumi na mbili bila yeye kuongeza sukari. Mtetemo, kukosa usingizi, wasiwasi: vyote hufanana na dhiki ya sigara, na dawa anayoijua mtu ni kuwasha moja. Ukiacha kuvuta, kata kahawa nusu siku hiyo hiyo, na baada ya saa nane mchana usinywe. Yaya alibaki na viwili, asubuhi. Jumatano akalala usiku mzima.

Dakika tano za parkingi

Hamu ikija haipandi hadi angani. Inapanda, inakaa, inashuka, na kwa kawaida dakika tatu hadi tano zinatosha. Tatizo la dereva ni kwamba dakika tano hizo zinamkuta amekaa, hana la kufanya, mahali pale pale, mbele ya watu wale wale wanaovuta.

Basi tulimpa kazi ya dakika tano. Gari likifika kwenye mstari, anashuka, anafuta kioo cha mbele, anaangalia maji ya rejeta injini ikiwa imepoa, mafuta ya injini, anazunguka akipiga tairi kwa mguu. Mdomoni kijiti cha mswaki. Ikiwa bado hamu ipo, anakwenda kuita abiria mwenyewe badala ya kumwachia mpiga debe. Wiki ya pili wenzake walianza kumtania kwamba taksi yake inang'aa kama ya bwana harusi, na mama mmoja wa Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, alianza kumsubiri yeye kila asubuhi kwa sababu gari halinuki.

Zile tatu za ugomvi hazikuwa na ujanja mzuri kama huo. Rulaje akimsimamisha na kumtoa faranga zake, Yaya alitaka sigara kwa meno. Tulichopata ni kidogo: asiondoke papo hapo. Akae na injini imezimwa, anywe maji nusu chupa polepole, ahesabu pumzi kumi ndefu za kutoa hewa, ndipo aingie barabarani. Mara mbili alinipigia simu kunitukania rulaje. Nilisikiliza. Dakika zilipita.

Alikuwa na utani wake mmoja wa kunijibu kila nilipomsumbua. Ananionyesha lile bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, anasema, "Dogo, mji wenyewe una mdomo wa kuvutia, unanionea mimi?"

Kilio cha Kamalondo

Siku ya 19 alifiwa na rafiki aliyeendesha naye miaka mingi. Kilio kilikuwa Kamalondo. Usiku, moto umewashwa uani, wanaume kwenye viti vya plastiki, lutuku, pombe kali ya kienyeji, inazunguka kwenye glasi moja. Mtu wa kulia kwake alipomaliza kunywa alimpa glasi, na wa kushoto akampa sigara iliyokwisha kuwashwa. Aliivuta yote.

Alikuja kwangu asubuhi akiwa na uso wa mtu aliyeiba. Alishavuta mbili nyingine njiani. "Nimeharibu," alisema, "heri nimalizie wiki hii nianze upya Jumatatu." Sentensi hiyo ndiyo hatari. Sigara moja ya usiku wa kilio haikurudishi mwanzo. Ila mara nyingi inaleta nyingine, na kinachoileta ni ile hukumu ya kwamba yote yameharibika. Tulifanya mambo mawili tu. Hakungoja Jumatatu: alianza saa ile ile, saa mbili na nusu asubuhi, na mbele yangu akaitupa ya nne iliyokuwa mfukoni. Kisha tukaiandika ile ya kilio kwenye daftari kama zile 18: saa, mahali, nini kimetangulia. Kilichotangulia hakikuwa msiba. Ilikuwa glasi. Alikuwa ameshahudhuria mazishi mawili bila kuvuta, yote mchana, bila pombe.

Kwa hiyo kwa miezi mitatu alikubali kutokunywa penye wavutaji. Bia yake ya Simba aliinywa nyumbani, moja, Jumapili. Kwenye vilio alikwenda kabla ya jua kuzama, akatoa mchango wake, akawasalimu wafiwa, akaondoka akisema ana zamu ya alfajiri. Watu walisema amekuwa na kiburi. Hamu ilirudi kwa siku tatu kama mwanzo, ila nyepesi.

Kifua baada ya hapo

Wiki ya pili kikohozi kiliongezeka, akaogopa tena. Ndani ya mirija ya hewa kuna vinyweleo vidogo vinavyosukuma uchafu juu, moshi huvilaza. Ukiacha vinaamka na kuanza kufagia, na kinachofagiwa ni makohozi ya kahawia. Hili linaweza kuchukua wiki kadhaa. Asinywe dawa ya kuzuia kikohozi. Anywe maji mengi. Yaya alikohoa hivyo mwezi mmoja na nusu, bila damu.

Kitu kilichobadilika haraka zaidi hakukihisi. Moshi wa sigara una hewa ya kaboni monoksidi, ile ile inayoua watu waliolala na mbabula, yaani jiko la makaa, ndani ya chumba kilichofungwa. Inashika nafasi ya oksijeni kwenye damu, na mtu akiacha inaisha ndani ya siku moja hadi mbili. Pumzi ilichukua muda zaidi. Mwezi wa tatu alibeba gunia la unga kutoka kwenye buti hadi jikoni bila kusimama mlangoni.

Alinenepa kilo nne, na jambo hilo lilimuudhi kuliko sigara yenyewe, kwa sababu ya suruali. Hiyo ni kawaida. Wengi huongezeka kilo nne au tano katika mwaka wa kwanza. Karanga zilipunguzwa, miwa ikaachwa, na akaanza kuliacha gari kwa fundi na kurudi nyumbani kwa miguu siku ya matengenezo. Hatukumruhusu kula kidogo katika mwezi wa kwanza, kwa sababu njaa na hamu ni ndugu wawili wanaovaa nguo moja.

Hatari kwa moyo hushuka hadi karibu nusu ya ile ya mvutaji baada ya mwaka mmoja. Ya saratani ya mapafu inahitaji kama miaka kumi kufikia nusu, na haifutiki kabisa kwa mtu aliyevuta miaka 27. Nilimwambia hivyo hivyo bila kupaka asali. Alijibu kwamba kwa hiyo picha ya kifua isiachwe, na tukaandika kwenye jalada la daftari mwezi wa kurudi kwa daktari.

Desemba, mvua ikinyesha, nilipanda gari lake kwenda mjini. Dereva kijana wa mstari wao alikuja dirishani akaomba moto. Yaya alivuta kile kisahani cha majivu kwa mkono wa kulia, akaangalia ndani, akamwuliza kama anataka noti za 100 au za 200.